Nyumba zilizofungwa: jinsi nilivyojiandaa kutetea tasnifu yangu ya afya ya jamii

Aya ya mapungufu katika tasnifu yangu ilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema muda na fedha havikutosha. Ya pili ilisema baadhi ya kaya hazikupatikana. Ya tatu ilisema kuwa kwa sababu utafiti ulikuwa wa kupima kila kitu kwa wakati mmoja, hauwezi kuonyesha chanzo na matokeo. Nilikuwa nimeziona sentensi za aina hiyo katika tasnifu nyingi za maktaba, nami nikazipanga vilevile kama mtu anavyosaini fomu.

Wiki tano kabla ya siku ya utetezi nilimpelekea nakala kaka mmoja aliyenitangulia mwaka mmoja, mtu wa takwimu, asiye na maneno mengi. Tulikutana chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Akafungua sura ya tano, akasoma aya ile, akanirudishia.

"Dada, hapa hujasema kitu. Muda haukutosha, sawa. Kwa hiyo namba yako imepanda au imeshuka?"

Sikuwa na jibu. Nilianza kueleza habari za mvua na pikipiki iliyoharibika, akanikatiza kwa upole: "Mtahini hatakuuliza habari ya pikipiki. Atakuuliza imepanda au imeshuka, na kwa kiasi gani."

Swali hilo moja ndilo lililoniongoza wiki zote tano zilizofuata, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa kwa kutumia utafiti wangu mwenyewe.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Katika wilaya moja ya Mkoa wa Tanga nilitaka kujua ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano waliolala ndani ya chandarua chenye dawa usiku uliotangulia siku ya mahojiano, na kama elimu ya mama inahusiana na jambo hilo. Nilichagua vitongoji 20, vikubwa vikipewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa, na katika kila kitongoji kaya 20 zenye mtoto, kutoka kwenye orodha tuliyoiandika pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Kila kaya mtoto mmoja. Jumla watoto 400. Waliolala ndani ya chandarua walikuwa 280, yaani asilimia 70. Mama waliofika sekondari walikuwa 200, na watoto wao 160 walilala ndani ya chandarua. Mama walioishia shule ya msingi au ambao hawakusoma kabisa walikuwa pia 200, na kwao watoto walikuwa 120. Asilimia 80 kwa 60. Hitimisho langu lilikuwa kwamba elimu ya mama ni muhimu, na pendekezo la kwanza likawa akina mama wapewe elimu zaidi ya matumizi ya chandarua.

Lilikuwa linasomeka vizuri kabisa.

Njia niliyotumia kutabiri maswali ilikuwa ya kizamani. Nilichapa sura ya tatu, ile ya mbinu, nikapigia mstari kila kitenzi. Tulichagua. Tuliorodhesha. Tulibadilisha. Tulihoji. Tulichambua. Kila kitenzi ni uamuzi, na kila uamuzi ulikuwa na njia nyingine ambayo sikuifuata. Pembeni ya kila kimoja niliandika vitu viwili tu: kwa nini hivi na si vile, na kama ningefanya vile, namba ingekwenda wapi. Vitenzi vingi havikunisumbua. Vinne vilinitoa jasho, na hivyo vinne ndivyo ninavyovieleza hapa.

Cha kwanza kilikuwa "tulikokotoa", kwenye ukubwa wa sampuli. Fomula niliyotumia ni ile inayotumiwa na karibu kila mwanafunzi wa afya ya jamii:

```
n = z^2 * p * (1 - p) / d^2
n = 1.96^2 * 0.5 * 0.5 / 0.05^2 = 384.16
```

Hapo z ni 1.96 ya uhakika wa asilimia 95, p ni kiwango unachokisia kabla ya kupima, na d ni kuyumba unakokubali. Unapata 385, nikaongeza kidogo ili ziwe kaya 20 katika vitongoji 20, zikawa 400. Swali la kawaida hapa ni kwa nini p iwe asilimia 50, na jibu lake ni rahisi: hapo ndipo sampuli inapokuwa kubwa kuliko kwa p nyingine yoyote, kwa hiyo hutajilaumu baadaye. Swali gumu ni jingine. Fomula ile inadhani kwamba kila mtoto amechotwa peke yake kutoka wilaya nzima, kama mbegu kutoka kwenye gunia lililochanganywa. Mimi sikuchota hivyo. Nilikwenda kitongojini nikachukua 20 wa mahali pamoja. Majirani hufanana: wanatumia zahanati moja, vyandarua vyao vililetwa na gari moja, mbu wao ni wa bwawa moja. Mtoto wa ishirini katika kitongoji hakuambii jambo jipya kama alivyokuambia wa kwanza.

Upotevu huo una kipimo. Unachukua idadi ya watoto wa sampuli kwa kila kitongoji, unatoa moja, unazidisha kwa kiwango cha kufanana kwa majirani, unaongeza moja. Kwenye data yangu kufanana kulikuwa 0.05, namba inayoonekana ndogo kama punje ya mtama. Lakini 19 mara 0.05 ni 0.95, ongeza moja, inakuwa 1.95. Maana yake watoto wangu 400 walikuwa na uzito wa watoto 205 hivi waliochotwa mmojammoja. Nilipaswa kuzidisha sampuli kabla ya kwenda uwandani, na sikuzidisha. Hilo nililigundua usiku, tasnifu ikiwa tayari mezani kwa watahini.

Asubuhi nilimpigia simu msimamizi wangu, nikiwa nimejiandaa kulia. Nikamuuliza kama naweza kupeleka kurasa mpya.

"Mwanangu," akasema, "tasnifu ikishawasilishwa haisahihishwi mlango wa nyuma. Unasimama mbele yao unalisema mwenyewe, kabla hawajalisema. Sasa nenda ukapime limekugharimu nini."

Kwenda kupima ndiko kulikonifundisha tofauti kati ya kosa na janga. Nilirudia uchambuzi nikiiambia Stata, programu ya takwimu, kwamba kitongoji ndicho kilichochaguliwa kwanza:

```
svyset kitongoji
svy: proportion ametumia
estat effects
```

Kabla ya hapo niliandika kwamba asilimia 70 yangu inaweza kuyumba kwa pointi 4.5 juu au chini, yaani kutoka 65.5 hadi 74.5. Baada ya kuhesabu ufanano wa majirani, kwa kuzidisha 4.5 kwa kipeuo cha pili cha 1.95, ikawa pointi 6.3, kutoka 63.7 hadi 76.3. Mwanya umepanuka. Lakini hoja yangu kuu kuhusu asilimia hiyo 70 ilikuwa kwamba wilaya ile iko chini ya lengo la asilimia 80, na 76.3 bado iko chini ya 80. Hitimisho limesimama, ila kwa miguu isiyo imara kama nilivyodai. Sentensi hiyo niliiandika kwenye karatasi ya kwanza ya maandalizi, kwa kalamu nyekundu.

Nikajiuliza pia swali ambalo mtahini angeweza kulitupa hapohapo: hiyo 80 imetoka wapi? Wengi tunaitaja kana kwamba imeshushwa kutoka mbinguni. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Abuja mwaka 2000 walijiwekea lengo la asilimia 60 ifikapo mwaka 2005, kisha ubia wa kimataifa wa kupambana na malaria ukaipandisha hadi 80 ifikapo 2010. Ni namba ya makubaliano. Hakuna mbu anayeijua. Ukiitumia kama mstari wa kupimia, sema kwamba ni mstari uliochorwa na watu.

Kitenzi cha pili ndicho kilichonipa kichwa cha makala hii: "tulibadilisha". Niliandika kwamba kaya ambayo hatukuikuta mtu ilibadilishwa na kaya ya jirani. Sentensi moja, katikati ya aya, nikitumaini kwamba itapita. Nilirudi kwenye madaftari ya wasaidizi wangu wa uwandani, ambayo nashukuru sikuyatupa, na kuhesabu alama ya F waliyoiweka kwa kila nyumba iliyofungwa. Zilikuwa 40. Moja kati ya kila kumi.

Ni nani hayupo nyumbani saa nne asubuhi mwezi Agosti? Tuliokulia huko tunajua. Kuna aliyekwenda shamba la mbali na kulala kwenye kibanda kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe na ngedere, na mara nyingi amekwenda na mtoto anayenyonya. Kuna aliyekwenda mnadani. Kuna mchuuzi wa dagaa aliyeondoka na basi la alfajiri. Kaya ya jirani niliyoichukua badala yake ni kaya ya mtu aliyekaa nyumbani. Ukibadilisha mtu wa shamba kwa mtu wa nyumbani, unabaki na idadi ileile ya watu ambao si walewale. Kibandani mara nyingi hakuna pa kufungia chandarua. Kwa hiyo nilishuku kwamba namba yangu imepanda kuliko ukweli. Hapo tayari nilikuwa na jibu la "imepanda au imeshuka". Bado "kwa kiasi gani".

Hesabu hii ni ya shule ya msingi, na nashangaa hatufundishwi kuifanya. Kaya 360 nilizozikuta tangu mwanzo zilikuwa na watoto 252 waliotumia chandarua. Hao nawajua. Wale 40 wa nyumba zilizofungwa siwajui, basi niwape hali mbili za kupindukia. Kama wote 40 walilala ndani ya chandarua, jumla ni 292 kati ya 400, asilimia 73. Kama hakuna hata mmoja, ni 252 kati ya 400, asilimia 63. Kama nusu yao, ni 272, asilimia 68. Nyumba zilizofungwa haziwezi kwa namna yoyote kuitoa namba yangu nje ya 63 na 73. Na hata ile 73, ukiiongezea kuyumba kwa sampuli, inaishia kama 79. Chini ya 80, kwa kubanwa sana.

Kaka wa takwimu alipoiona karatasi hiyo alicheka. Akasema ukienda na hii, mtahini atatafuta swali jingine, kwa sababu hili umelimaliza. Kisha akaniuliza tulirudi mara ngapi kwenye nyumba iliyofungwa kabla ya kuibadilisha. Mara moja, jioni, na si kila mahali. Akaacha kucheka. Kwenye karatasi nikaongeza: kurudi mara tatu kwa siku tofauti, moja ikiwa jioni, kungepunguza idadi ya F, na hilo ndilo ningelifanya kama ningeanza upya. Watahini hupenda kuuliza "ungeanza upya ungefanyaje", na jibu la "ningeongeza sampuli" ni jibu la mvivu. Watu 800 waliochaguliwa kwa kubadilisha nyumba zilizofungwa wana upotofu uleule wa 400, ila wenye kujiamini zaidi.

Kuhusu kumwamini mama anaposema mtoto alilala ndani ya chandarua, na kuhusu msimu, nitapita haraka. Mtu akiulizwa na mgeni mwenye kitambulisho cha chuo huelekea kutoa jibu la kliniki. Hilo linapandisha namba. Agosti ni kiangazi kwetu, mbu wamepungua tangu masika, na watu hulegeza. Hilo linaishusha ukilinganisha na Mei. Nilijaribiwa kusema mawili hayo yanafutana. Usiseme hivyo kamwe mbele ya mtahini. Huwezi kufuta kitu ambacho hujakipima kwa kitu kingine ambacho hujakipima. Sema kila kimoja kinavuta upande gani, na ukae kimya.

Kitenzi cha tatu sikukitegemea. Kilikuwa "tuligawanya". Nilikuwa nimegawanya 280 kwa 400, nikapata 70, nikaandika "matumizi". Usiku mmoja nikijihoji mwenyewe jikoni, nikiwa nasonga ugali, nikauliza kwa sauti ya mtahini niliyemwogopa zaidi: wale 120 ambao hawakutumia, wangapi walikuwa na chandarua cha kutumia?

Nilizima jiko.

Data nilikuwa nayo. Kwenye dodoso tuliuliza kama kaya ina chandarua, na wasaidizi wakaomba kukiona. Kaya zenye chandarua zilikuwa 320. Kwa hiyo kati ya watoto 120 ambao hawakulala ndani ya chandarua, 80 walitoka kwenye kaya ambazo hazikuwa nacho kabisa. Waliokuwa nacho na hawakukitumia ni 40 tu. Ukigawanya 280 kwa 320 unapata asilimia 87.5. Panapokuwa na chandarua, karibu tisa kati ya kumi wanakitumia.

Kisha nikafanya hesabu niliyokuwa naiogopa, ile ya elimu. Mama wa sekondari 200, wenye chandarua 180, waliotumia 160. Mama wa msingi au wasiosoma 200, wenye chandarua 140, waliotumia 120. Panapokuwa na chandarua ni asilimia 89 kwa 86. Tofauti yangu nzuri ya 80 kwa 60, iliyokuwa uti wa mgongo wa sura ya nne, karibu yote ilikuwa tofauti ya kuwa nacho au kutokuwa nacho: 90 kwa 70. Mama asiye na sekondari anajua matumizi ya chandarua vizuri tu. Hana chandarua.

Na pendekezo langu la kwanza lilikuwa nini? Apewe elimu.

Hapa nikakaa siku mbili, kwa sababu jambo hili si la hesabu peke yake. Kwetu vyandarua vimepita njia nyingi. Kuanzia 2004 kulikuwa na hati punguzo, ambapo mjamzito alipewa kuponi kliniki akaenda dukani kuongezea fedha kidogo. Mpango huo ulikoma 2014. Baadaye vikaja vya bure kwenye kliniki ya wajawazito na siku ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Anayehudhuria kliniki mapema na kwa ukamilifu ndiye anayekipata, na kuhudhuria kunategemea umbali, nauli na nani anabaki na watoto wengine. Mama wa sekondari katika wilaya ile mara nyingi anaishi karibu na barabara. Elimu kwenye jedwali langu huenda ilikuwa inabeba mzigo wa barabara.

Hapo ndipo sentensi yangu ya tatu, ile ya chanzo na matokeo, ilipoonekana kuwa imekaa mahali pasipo pake. Tunaiandika sote: utafiti wa kupima mara moja hauonyeshi kipi kilitangulia. Lakini kwenye swali langu kilichotangulia kinajulikana. Mama alimaliza shule miaka kabla ya mtoto kulala usiku ule. Chandarua hakiwezi kumrudisha darasani. Tatizo langu halikuwa kipi kilitangulia, lilikuwa ni nini kingine kinachotembea pamoja na elimu. Kama ningekuwa nimechunguza ujuzi wa mama kuhusu malaria, sentensi ile ingefaa, kwa sababu mama anayepewa chandarua kliniki hupewa na mawaidha hapohapo, na huwezi kujua kama ujuzi ulileta chandarua au chandarua kilileta ujuzi. Sentensi moja, tafiti mbili, katika moja ni kweli na katika nyingine ni pambo.

Nilikwenda na ugunduzi huu kwa msimamizi nikijiona shujaa. Akanisikiliza, kisha akaniuliza: "Ukiangalia wenye chandarua peke yao, umewatoa akina nani?" Akasubiri. Mama asiyesoma, maskini, anayeishi mbali, ambaye hata hivyo ana chandarua, si mama wa kawaida wa kundi lake. Amehangaika kukipata. Huenda ndiyo maana anakitumia kama mwenye sekondari. Kwa hiyo 89 kwa 86 nayo ina kona yake ya giza. Nikaiandika kwenye karatasi, chini ya ushujaa wangu.

Kitenzi cha nne kilikuwa "tulichambua", na hiki nimekiona kikiwaangusha wenzangu wengi, kwa hiyo nitakieleza polepole. Jedwali langu kuu lilitoa uwiano wa odi wa 2.67, nami nikaandika kwenye muhtasari kwamba watoto wa mama waliofika sekondari "wana uwezekano wa mara 2.67 zaidi" wa kulala ndani ya chandarua. Rudi kwenye namba: 80 kwa 60. Ukigawanya unapata 1.33. Hakuna mtu sokoni atakayetazama 80 na 60 akakuambia moja ni karibu mara tatu ya nyingine. Basi 2.67 imetoka wapi?

Odi ni kugawanya waliotumia kwa wasiotumia. Kwa mama wa sekondari ni 160 kwa 40, yaani 4. Kwa wengine ni 120 kwa 80, yaani 1.5. Nne kwa moja na nusu ni 2.67. Hesabu ni sahihi, tafsiri ndiyo yenye kosa. Jambo likiwa adimu, tuseme ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya mia, wasio nalo ni karibu watu wote, na uwiano wa odi hukaribiana na uwiano wa kawaida. Jambo likiwa la kawaida kama kulala ndani ya chandarua, namba mbili hizi huachana kabisa. Kuandika "uwezekano mara 2.67" ni kukuza habari mara dufu. Kama unataka namba ambayo mganga mkuu wa wilaya ataisoma na kuielewa, unaweza kuipata moja kwa moja:

```
svy: poisson ametumia i.elimu, irr
```

Inakupa 1.33 pamoja na mwanya wake, na ndani yake unaweza kuongeza hali ya uchumi na umbali wa kliniki. Nilijiandaa kueleza kwa nini modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhesabu matukio inatumika kwa ndiyo na hapana: makadirio ya uwiano ni sahihi, kinachokosewa ni kipimo cha kuyumba kwa makadirio hayo, na hicho kinarekebishwa na hesabu imara ambayo `svy` huifanya yenyewe. Sikuulizwa. Nilisikitika kidogo.

Wiki ya mwisho niliketisha watu watatu sebuleni kwangu: kaka wa takwimu, muuguzi mwenzangu asiyejua takwimu hata chembe, na mume wangu. Huyo muuguzi ndiye aliyenisaidia kuliko wote. Kila nilipojibu kwa maneno ya kitabu alisema, "Sijaelewa, dada, rudia." Kufikia mara ya nne nikawa natumia mbegu na gunia. Mume wangu kazi yake ilikuwa kushika saa na kunikatiza, kazi aliyoifanya kwa furaha isiyo ya kawaida.

Siku yenyewe nilikuwa na slaidi kumi na mbili na karatasi nne, moja kwa kila kitenzi, kila moja ikiwa na mistari mitatu: kilitokea nini, namba inakwenda wapi, hitimisho linabaki au linabadilika. Kwenye slaidi ya kumi, kabla ya mapendekezo, nilisema: "Watahini, kuna mambo matatu kwenye tasnifu mliyonayo ambayo leo nisingeyaandika vile." Nikayataja. Mwanya uliopaswa kuwa mpana. Odi iliyosomwa vibaya. Pendekezo la elimu ambalo data yangu mwenyewe hailiungi mkono, na kwamba la kwanza lilipaswa kuwa namna chandarua kinavyomfikia mama ambaye kliniki iko mbali naye.

Mtahini wa nje alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua ukurasa alioukunja pembe, akautazama, akaukunjua. Kisha akakunja mwingine. Akauliza habari za nyumba zilizofungwa. Nikampa 63 na 73. Akauliza tulirudi mara ngapi. Nikasema mara moja, na haikutosha, na namba ya F ilionekana kwenye kila daftari. Akaomba kuliona daftari. Nilikuwa nalo mkobani. Alilipitia kwa dakika nzima, chumba kizima kimya, na nadhani daftari lile chakavu lenye alama ya matope lilinisemea kuliko slaidi zote.

Mtahini wa ndani alishikilia swali la wenye chandarua peke yao, lilelile la msimamizi wangu, karibu kwa maneno yaleyale. Nikajibu.

Kisha mzee akaondoa miwani. "Mtoto huyu alilala na nani?"

Nikamwomba arudie.

"Kitandani. Alilala na mama, na bibi, au na kaka zake chini kwenye mkeka? Kaya ina chandarua kimoja. Kimefungwa juu ya kitanda cha nani?"

Nilitazama karatasi zangu nne. Haikuwemo kwenye yoyote. Wale 40 waliokuwa na chandarua na hawakukitumia, niliowaweka kwenye fungu la tabia, huenda walikuwa tu watoto wa mkekani katika nyumba yenye chandarua kimoja juu ya kitanda cha wazazi. Nami nilihesabu kaya kuwa "inacho" hata kama ina watu saba.

"Hilo sikulikusanya, Profesa," nikasema. "Na linagusa mgawanyo wangu wa 80 na 40. Kama nyumba hizo zilikuwa na chandarua kimoja kwa watu wengi, sehemu ya wale 40 ingehamia upande wa kukosa."

"Kwa hiyo inakwenda wapi?"

"Inalitia nguvu pendekezo jipya. Na inazidi kulidhoofisha la zamani."

Akavaa miwani akaandika. Nilifaulu kwa masharti ya kufanya marekebisho madogo ndani ya wiki nne. Orodha ilikuwa na vipengele tisa. Vitatu ni vile nilivyovitaja mwenyewe, vitano ni vya nukta na majedwali. Cha tisa kiliandikwa kwa mkono, pembeni: aongeze, kwenye mapungufu, idadi ya watu kwa kila chandarua na mahali anapolala mtoto. Aya ile sasa ina kurasa mbili na nusu.